Vijiti Visivyopakwa Wino

17 Machi 1957

Mvua bado. Vumbi la ziwani limeingia mpaka kwenye wino, na Bwana Ephantus, mkubwa wetu kiwandani, ametuletea mchoraji mwingine.

Nimeandika "mwingine" kwa sababu mchoraji yupo. Ni mimi, Adero. Ukurasa wa mwisho wa gazeti letu la Sauti ya Bonde ni wangu tangu nilipoingia kiwanda hiki cha kuchapisha cha kanisa. Hadithi ya picha kila mwezi, vyumba sita vya picha, viwili viwili, safu tatu. Nachora, nachonga kwa kisu kwenye lino, ule mpira wa kutandika sakafuni, kila picha kipande chake, kisha napanga vipande ndani ya fremu ya chuma na kuvikaza kwa vijiti vya mbao. Kazi yote ni yangu, hata kuosha wino.

Huyu mpya anaitwa Kipketer. Katokea Subukia, alikuwa mwalimu, viatu vinang'aa kama vya hakimu. Alinipa mkono akasema, "Dada, nimeona kazi yako. Unachora mpaka vifungo vya shati!" Sikujua kama ananisifu. Nikasema asante, kisha nikakasirika mchana kutwa.

18 Machi

Bwana Ephantus amesema gazeti la Aprili na kuendelea litakuwa na kurasa mbili za picha, mmoja wangu, mmoja wa Kipketer. Mvua ikiisha atabakiza mmoja, kwa sababu karatasi ni ghali. "Tutaangalia watu wanapenda gani," alisema, huku akisafisha miwani ili asinitazame.

26 Machi

Nimeona michoro yake. Vichwa kama viazi. Ng'ombe wake akigeuka kidogo tu huwezi kujua mkia uko upande gani. Nimelala vizuri sana.

9 Aprili

Mvua imeanza jana jioni, na gazeti limetoka leo.

Hii naandika kwa hasira, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya. Nilipeleka gazeti nyumbani landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kama kawaida, nimwonyeshe Mama. Mama hajui kusoma, lakini kila mwezi huushika ukurasa wangu kwa mikono miwili na kusema, "Nzuri sana, nyathina," yaani mwanangu, kisha huukunja na kuuweka chini ya godoro pamoja na ile mingine. Leo pia alisema nzuri sana. Kisha akageuza karatasi akakutana na viazi vya Kipketer.

Ni hadithi ya mwizi wa kuku. Mama aliangalia chumba cha kwanza, akaenda cha pili, akasogeza uso. Kwenye cha tatu akashika mdomo. Kwenye cha nne akapiga kelele, "Uwi!" na kucheka mpaka akakaa chini. Halafu akatoka nje na gazeti, kwenye mvua, kwenda kwa jirani. Nilimsikia kupitia ukutani akisimulia: "Mwizi alipanda ukuta, mguu ikateleza, akaanguka ndani ya pipa ya maji, pwaa!"

Aliporudi nilimnyang'anya gazeti. Nilitaka kuona huko kuanguka. Chumba cha tatu: mwizi yuko juu ya ukuta, kuku kwapani, mguu mmoja hewani. Chumba cha nne: pipa, miguu miwili imetokeza juu, kuku amesimama pembeni anamtazama.

Hakuna picha ya kuanguka. Hakuna kuteleza, hakuna pwaa. Nimetafuta kama mtu anayetafuta sindano.

Mama yangu mzazi hajawahi kuupeleka ukurasa wangu kwa jirani.

10 Aprili

Mvua. Sikusema na Kipketer. Yeye alisema na mimi, tena sana.

23 Aprili

Nilimwuliza, nikijifanya sijali, kwa nini hakuchora mwizi akianguka. "Hukuweza kumchora angani?"

Akacheka. "Ningeweza. Lakini ukichora, mtu anaangalia tu. Usipochora, anaangusha mwenyewe." Akaweka kidole kwenye nafasi nyeupe kati ya vyumba viwili. "Hii nafasi mimi naita uchochoro. Kila kitu kinapita hapa, na hakuna mtu anaona kikipita. Nilijifunza kwa vijigazeti vya watoto wa mzungu pale shambani. Nilikuwa nasoma kabla sijajua Kiingereza, na nilikuwa naelewa yote."

Uchochoro! Kwangu pale ni mahali pa vijiti. Vijiti ni vifupi kuliko vipande vya lino, haviguswi na wino, basi karatasi hubaki nyeupe. Miaka yote hiyo nimeviokota sakafuni bila kuviangalia.

Bado anachora viazi.

14 Mei

Mvua siku ya ngapi sijui. Ukurasa wangu umetoka, somo la kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Nimechora hata kupe wenyewe. Kipketer aliutazama muda mrefu akasema, "Uchochoro yako imenyooka kama reli, dada. Juu mpaka chini. Hapa katikati ni njia panda. Mtu atajuaje aende kando ama ashuke?"

Nikamwambia watu wana akili, wanajua karatasi husomwa kwenda kulia. Akainua mabega.

2 Juni

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Bwana Ephantus alinichukua leo kwenda Kabazi kwenye gari la kanisa. Tuliteleza njia nzima, mara mbili tulishuka kusukuma. Hakuniambia tunaenda kwa nini. Tulifika kwenye banda la maziwa la shamba moja kubwa, ambapo wafanyakazi hukutana Jumapili baada ya ibada kusomewa gazeti. Msomaji wao ni Chepkemoi, mama wa makamo, mrefu, anakamua huko. Alitupokea kwa chai na hakutabasamu.

Alitupeleka nyuma ya nyumba. Ng'ombe wake alikuwa amesimama chini ya paa la nyasi, ngozi ya mgongo imechubuka, nyekundu, inatoa maji, nzi wamejaa. Anaitwa Cheptoo. Maziwa yamekatika kabisa.

"Nilifuata picha," Chepkemoi alisema. "Moja moja."

Nikasema haiwezekani. Picha ya pili inaonyesha wazi kabisa kuongeza maji kwenye ndoo mpaka alama, kabla ya kumpaka ng'ombe. Nilisema kwa sauti kubwa, Mungu anisamehe, mbele ya yule ng'ombe.

Akaniambia, "Njoo uone vile tunasoma hapa."

Banda ni jembamba, na upepo unapita katikati. Gazeti letu likifunguliwa lote linapeperuka, na walio nyuma hawaoni. Kwa hiyo wana desturi yao. Chepkemoi huketi juu ya mkebe wa maziwa uliogeuzwa, hulikunja gazeti katikati kwa urefu, na huinua nusu ya kushoto juu ili wote waione, kutoka juu hadi chini. Wakimaliza huligeuza, wanaona nusu ya kulia. Ndivyo wanavyofanya siku zote.

Akaukunja ukurasa wangu. Mkunjo ulipita katikati ya uchochoro wangu ulionyooka, sawasawa kabisa, kana kwamba niliuchora kwa ajili hiyo. Akashusha kidole upande wa kushoto. Mtu anamimina dawa ndani ya ndoo. Anampaka ng'ombe. Ananawa mikono. Mwisho wa nusu. Akageuza. Mtu anaongeza maji kwenye ndoo. Anamwaga yaliyobaki shimoni. Anakamua.

Hadithi ilikaa vizuri. Hakuna mahali pa kushtuka. Alimpaka Cheptoo dawa kali bila tone la maji, akanawa mikono, halafu akaongeza maji kwenye ndoo ili asimwage sumu kali shimoni. Hata mimi ningesoma hivyo.

"Na ya Kipketer?" aliuliza Bwana Ephantus. "Hiyo mnasomaje?"

"Hiyo haikubali kukunjwa," alisema mzee mmoja, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza siku hiyo. Chepkemoi akanionyesha. Chumba chake cha juu kinachukua upana wote wa karatasi. Ukikunja unamkata mtu kichwa, kwa hiyo lazima ufungue. Safu ya pili ina vyumba vitatu, na cha katikati kinakaa juu ya mkunjo. Safu ya tatu ina viwili, kimoja kipana, kingine chembamba. Vichochoro vya wima havikutani popote, vinapishana kama matofali ya ukuta. Jicho likitaka kushuka linagonga ukuta, basi linaenda kando.

Nilimwomba Chepkemoi msamaha. Alisema sawa, lakini alikuwa anatazama kule kwa ng'ombe. Kwenye gari Bwana Ephantus hakunilaumu. Nilichokuwa nafikiria njia nzima ni kwamba Kipketer aliniambia, na afadhali angekuwa mtu mwingine yeyote.

3 Juni

Nimemwambia Kipketer. Akasema "pole" tu. Angecheka ningemchukia kwa raha.

18 Juni

Mama ameniuliza, "Yule kijana wenu ameoa?"

25 Juni

Kipketer ana mafua. Ameniachia vipande vyake vya lino vya Julai nipange mwenyewe, na karatasi ya maelekezo. Hadithi ya bibi anayemsubiri mumewe aliyekwenda kunywa pombe kule Kikopey. Vyumba vitatu karibu sawa: bibi mlangoni, mwiko mkononi. Bibi mlangoni, jua limeshuka. Bibi mlangoni, giza. Havina neno hata moja. Kisha nafasi nyeupe, pana mara nne ya nyingine, na ameandika kando, "Hapa Dada usiweke kitu." Halafu chumba cha mwisho: mume amekaa mezani anakula ugali kwa adabu, ana nundu kichwani, mwiko umevunjika vipande viwili.

Ni nzuri. Inaniuma jinsi ilivyo nzuri.

26 Juni

Nimeweka kitu.

Kwenye droo kuna pambo la maua ambalo hutumika kwenye kadi za harusi. Lina urefu ule ule. Nilikaza maua kwenye nafasi yake, nikapunguza vijiti kati ya vile vyumba vitatu vya bibi mpaka vikagusana. Nikajiambia ukurasa ulikuwa na uwazi usiopendeza. Nikapaka wino, nikachapa.

9 Julai

Gazeti limetoka. Mama aliangalia ukurasa wa Kipketer. Macho yake yalipita mabibi watatu kama anapita watu wamepanga mstari dukani, akafika kwenye maua, akasimama hapo, akayasifu. Kisha akaona mume na nundu. "Huyu ameumwa na nyuki?" aliuliza. Akakunja karatasi. "Kijana wenu amechoka."

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi mpaka chai ilipochemka.

Kisha nikachukua gazeti nikaliangalia mwenyewe, na nikaona kazi yangu. Vyumba vinapogusana, mabibi ni watatu. Vikiachana, bibi ni mmoja na jua linashuka. Nilipunguza vijiti, nikaua jioni nzima. Na pale alipopaswa Mama kusikia mlango, mwiko, na mume akilia, mimi niliweka maua. Mtu hawezi kupita, kuna kitu cha kutazama. Uchochoro umezibwa.

Nimejua siri yake yote, na nimeijua kwa kuiharibu.

10 Julai

Alikuja kazini bado anakohoa. Akachukua gazeti, akafungua, akasimama. Nilingoja aende kwa Bwana Ephantus.

"Umenizibia mlango," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Ndiyo."

Akakunja gazeti, akaliweka mfukoni, akaenda kunoa kisu chake. Mpaka jioni hajaenda kwa Ephantus. Kama angenishtaki tungekuwa sawasawa. Sasa hata kwa roho nzuri amenishinda, na hilo nalo namwonea wivu.

15 Julai

Ngozi ya Cheptoo inapona, Ephantus amesema. Maziwa bado.

30 Julai

Mvua inapungua. Bwana Ephantus ametupa utaratibu wa mwisho. Kila mmoja atengeneze ukurasa mmoja, bila jina. Atazibeba zote mbili Kabazi Jumapili ya kumi na moja, atawaonyesha, na watakachosema ndicho kitakachokuwa. Atakayeshindwa atabaki kupanga herufi za matangazo ya vifo na mbegu za viazi.

"Ningeweza kumwambia kuhusu maua," Kipketer aliniambia tukiwa wawili.

"Mwambie."

"Aah. Nataka kukushinda macho ikiwa wazi."

2 Agosti

Nimechora vyumba tisa. Nimetupa vyote. Vifungo, kupe, vigae, kila jani. Nilikuwa naogopa mtu atakosa kitu cha kuangalia.

5 Agosti

Jana nilitazama ukuta wa nyumba yetu. Kuna msumari karibu na mlango. Baba alikuwa akitundika kofia yake ya reli hapo. Alikuwa akilisha moto kwenye injini. Nilipokuwa na miaka kumi na mbili alichukua kofia akaenda zamu ya jioni, na homa ilimwua Kisumu. Mama hajawahi kunisimulia siku waliyokuja kumwambia. Mimi nilikuwa shuleni. Nikiuliza, husema chumvi imeisha, nikanunue.

Siwezi kuichora siku ile kwa sababu sikuiona. Leo nimeelewa kwamba si lazima niichore.

8 Agosti

Ukurasa umekwisha.

Juu, chumba kimoja kipana, upana wote, kisikunjike. Mwanamume amekaa anafunga kamba za viatu, mwanamke anamimina chai. Uso wa mwanamume umeelekea kulia, maana jicho la msomaji hufuata jicho la aliyechorwa.

Safu ya pili, vyumba vitatu vyembamba vya haraka. Msumari na kofia. Mkono kwenye kofia. Msumari.

Safu ya tatu, vyumba viwili visivyolingana. Kwanza msumari ule ule, ukubwa ule ule, mahali pale pale, ila kivuli cha dirisha kimehama. Kisha uchochoro. Nilianza na kijiti kimoja, nikachapa, nikatazama. Viwili. Vitatu. Kwa vitatu ilikuwa usiku mmoja umepita. Kwa vitano ilikuwa kitu ambacho hakirudi. Kwa sita vyumba viliachana kabisa, vikawa hadithi mbili zisizojuana. Nikarudi vitano.

Chumba cha mwisho, kidogo, hakina hata mstari wa kukizunguka: msumari, na mkoba wa shule umetundikwa.

Hakuna neno. Hakuna kifungo. Viatu vya Baba nimevichora kwa mistari michache. Kipketer alipita nyuma yangu, akapunguza mwendo, akaendelea.

11 Agosti

Bwana Ephantus amerudi Kabazi jioni, matope mpaka magotini, na ukurasa mmoja mkononi. Ni wa Kipketer.

Kipketer alianza kutabasamu.

"Huu waliucheka sana," Ephantus alisema. "Walitaka urudiwe. Kisha Chepkemoi akainua ule mwingine, na hakuna aliyesema kitu. Nikangoja. Mzee mmoja akatoka nje. Nikasema basi, tupige kura, nirudishieni karatasi. Chepkemoi akakataa. Aliingia nayo nyumbani. Nilimfuata mpaka mlangoni, akaniambia, 'Bwana, hii si ya gazeti tena.' Ningefanya nini?"

Akatuuliza wa nani. Nikasema wangu. Alitoa miwani akaniangalia bila miwani. "Basi ukurasa ni wako, Adero."

Ephantus akaondoka, Kipketer akabaki. Alikuwa anaugeuza ukurasa wake mikononi.

"Mimi walinicheka tu," alisema. Uso wake niliutambua mara moja. Nimekuwa nao tangu Machi.

12 Agosti

Hakuna mvua leo. Nilichapa nakala nyingine nikaipeleka nyumbani. Bado haina jina.

Niliiweka mezani bila kusema ni ya nani, nikajifanya napepeta mchele. Mama alikausha mikono akaja. Akaangalia chumba kipana, kisha kidole chake kikaenda kwenye kofia, mkono, msumari. Kikashuka. Msumari tena. Kikaingia kwenye nafasi nyeupe, kikasimama hapo. Hakikuendelea kwenye mkoba. Kilikaa pale mpaka nikaacha kupepeta.

"Hapa ndio walikuja," alisema Mama.

Niliweka ungo chini taratibu, nisije nikamkatiza.

"Walikuwa wanaume wawili. Mmoja alishika kofia yake. Mimi niliona kofia kabla sijaona uso, nikafikiri ni baba yako amerudi mapema. Nikasema ngoja niongeze maji kwa chai." Kidole chake kilikuwa kinasugua karatasi pale pasipo na kitu. "Niliongeza maji, Adero. Walisema na mimi nikiwa nimeshika birika, na mimi sikuweka chini. Mpaka leo sijui niliweka wapi."

Nilikaa karibu naye. Tuliangalia pamoja, hakuna aliyelia kwa sauti. Baada ya muda akakusanya ukurasa kwa mikono miwili, akasimama, akaangalia godoro. Hakuuweka chini yake. Alikwenda mlangoni akautoboa kwenye msumari, akautundika.

"Huyu kijana wenu," alisema, huku akiunyoosha kwa kiganja. "Huyu Kipketer. Amejuaje?"

Nilifungua mdomo. Wivu ulinipanda kama kila siku, moto ule ule kifuani, kwa huyo mtu aliyemfanya mama yangu aseme. Ilinichukua pumzi nzima kukumbuka ni nani.